Faili Ambalo Wodi Haikuliomba

Kazini walimwita Tayari, na jina hilo hakupewa kwa sifa. Ukimwambia kuna hitilafu, kabla hujamaliza kueleza vidole vyake vimeshaanza kugonga, na baada ya nusu saa anakuandikia neno moja tu: tayari. Mara nyingi ilikuwa kweli tayari. Zile mara chache ambazo haikuwa, yeye alikuwa wa mwisho kujua.

Alikuwa mwandishi wa programu katika ofisi ya watu wanne, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kazi yao kubwa ilikuwa mfumo wa dawa wa hospitali moja. Muuguzi anafungua ukurasa kwenye kompyuta ya wodi, anaandika uzito wa mtoto, na ukurasa unamwambia apewe mililita ngapi za dawa. Akiridhika anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na namba inakwenda kwa mfamasia. Asiporidhika anaweza kuifuta na kuandika yake, kwa sababu daktari naye huwa na neno lake.

Sasa ikatokea kwamba dawa moja ya watoto ililetwa kwenye chupa mpya, yenye nguvu maradufu ya ile ya zamani. Mtoto wa kilo kumi aliyekuwa akipewa mililita kumi, sasa zilimtosha tano. Mfumo ulikuwa haujui habari hiyo. Hospitali ikapiga simu Jumatatu asubuhi, Tayari akafungua faili la hesabu za dozi, akabadilisha namba moja, akajaribu na mtoto wa kubuni wa kilo kumi, akapata tano, akalipandisha faili kwenye seva, ile kompyuta kuu inayougawa mfumo kwa mashine nyingine. Kisha akaandika neno lake. Matroni wa hospitali, mwanamke asiyependa maneno mengi, akabandika tangazo katika kila wodi: mfumo wa dawa umerekebishwa, kuanzia leo fuateni namba ya mfumo.

Jumanne, kabla ya saa sita mchana, mfamasia akapokea maagizo matatu kutoka wodi ya watoto. Watoto watatu, uzito tofauti, na dozi zote tatu maradufu. Akazizuia. Aliandika uzito ule ule kwenye kompyuta yake mwenyewe, akapata dozi sahihi. Hakuna mtoto aliyekunywa hata tone, tumshukuru Mungu na ubishi wa mfamasia. Lakini maagizo yote matatu yalikuwa yamehifadhiwa na mtu mmoja, Sista wa zamu ya asubuhi, aliyerudi siku hiyo hiyo kutoka likizo ya wiki tatu.

Matroni alimwandikia Tayari kuuliza kama mfumo unakokotoa sawasawa. Tayari alifungua laptopu yake, akaandika kilo kumi, akaona tano. Jibu lake lilimchukua dakika nne, na alilituma akiwa ameshasimama kwenda kula: "Mfumo unakokotoa sahihi. Namba imebadilishwa na mtumiaji."

Akala, akasahau.

*

Alhamisi mchana simu ya ofisini ikalia, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikamtaka yule kijana wa mfumo wa dawa.

"Ndiye mimi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Sista wa wodi ya watoto. Yule mtumiaji."

Tayari akakaa vizuri kwenye kiti.

"Kesho saa nne nimeitwa kwenye kikao," Sista alisema. "Barua yako wameitia kwenye jalada langu. Wanasema nimefuta tano nikaandika kumi kwa mazoea ya chupa ya zamani. Wakikubaliana, naondolewa kwa watoto na sitashika tena dawa. Miaka ishirini na miwili, mwanangu, nimewashikia watu watoto wao. Siombi uniombee msamaha kwa mtu. Naomba uje uangalie kwa macho yako. Ile namba sikuigusa."

"Mama, nimejaribu mwenyewe. Inatoa tano."

"Huko kwako inatoa tano. Hapa kwangu inatoa kumi. Njoo uone."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Tayari aliahidi angefikiria, akakata simu, akafungua tena ukurasa na kuandika kilo kumi. Tano. Akaandika kilo nane, akaandika kumi na nne. Zote sawa. Alijiambia kwamba mambo yameisha, lakini hakuirudia kazi aliyokuwa akiifanya.

Jioni alimsimulia mkewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na rundo la madaftari mapajani. Mkewe alisikiliza bila kuinua kalamu nyekundu.

"Kwa hiyo unadhani anadanganya," alisema.

"Sidhani anadanganya. Nadhani amesahau. Mkono umezoea kumi, umeandika kumi."

"Watoto wangu darasani, aliyenakili kwa mwenzake hunificha daftari. Hajawahi kutokea hata mmoja akaniita mezani kwake nije nitazame. Huyo mama amekuita au hakukuita?"

"Ameniita."

"Basi nenda, ukaone anachokiona. Au ukienda utapungua?"

Hofu haikumsumbua Tayari bado. Kilichomkera ni kwamba namba mbili tofauti zilikuwa zinatoka kwenye faili moja, na hilo ni jambo lisilowezekana, na mambo yasiyowezekana yalikuwa yanamwasha toka utotoni.

*

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa alikuwa wodi ya watoto. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya wauguzi kati ya sinki na mizani ya vichanga, kibodi yake imevalishwa plastiki ili iweze kufutwa kwa dawa. Ukutani, juu yake, tangazo la Matroni lilikuwa limebandikwa kwa plasta ya vidonda, pembe zote nne.

Sista alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimpa mkono, hakumpa tabasamu, akavuta kiti cha pili.

"Kaa hapa. Mimi nitaandika, wewe mikono yako weka magotini."

Tayari akaiweka magotini kweli. Sista aliandika nambari ya siri, ukurasa ukafunguka. Aliandika uzito: kumi. Akaondoa mikono kwenye kibodi na kuinyanyua juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

Kisanduku cha dozi kiliandika chenyewe: mililita 10.

Tayari aliitazama ile namba muda mrefu. Kisha akatoa laptopu yake begani, akaiunganisha na mtandao ule ule wa hospitali, akafungua ukurasa ule ule, akaandika uzito ule ule. Mililita 5. Zikawa mashine mbili kwenye meza moja, bega kwa bega, moja inasema kumi na nyingine tano.

"Haya," Sista alisema. "Nani kafuta hapo?"

"Bonyeza hapo juu, hicho kishale cha mviringo. Uufungue ukurasa upya."

Sista alibonyeza. Ukurasa ukapotea, ukarudi. Kilo kumi, mililita kumi.

"Nilibonyeza hivyo hivyo Jumanne mara tatu, mfamasia aliponizuia," alisema. "Mimi si mtoto wa jana kwenye mashine hizi."

Tayari alianza kufurahi, furaha ya aibu kidogo, kwa maana mwenzake alikuwa na kikao saa nne na yeye alikuwa amepata kitendawili. Aliuliza maswali. Mtandao uliwahi kukatika? Hapana. Kuna mtu alibadilisha chochote kwenye mashine hii? Nani aibadilishe, hata saa yake ilikuwa inachelewa dakika saba. Na zamu nyingine, wao wanapata ngapi?

Hapo muuguzi mwingine aliyekuwa akikunja mashuka karibu yao alikohoa. Alikuwa kijana mrefu mno, wodi nzima wakimwita Twiga.

"Sisi pia tunapata kumi," alisema.

Sista aligeuka polepole. "Unasemaje?"

"Tunapata kumi. Tunafuta, tunaandika tano. Toka chupa mpya zije tunapiga hesabu kwenye karatasi, maana mashine ilikuwa inakosea. Tangazo lilipokuja... tukaendelea tu. Tumezoea."

"Na baada ya tangazo uliendelea kuona kumi, na hukumwambia mtu?"

Twiga alilitazama shuka. "Ningemwambia nani, Sista? Wameandika imerekebishwa. Mimi nani wa kubishana na tangazo?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sista alikuwa amelisikia la mkuu neno kwa neno, na guu likavunjika vile vile. Aliporudi likizo alikuta tangazo, na hakuna aliyemwambia habari za karatasi. Kumi kwake ilikuwa namba ya kawaida, ndiyo aliyoiona miaka yote. Aliambiwa afuate mfumo, akafuata. Wenzake waliokaidi wakaonekana hodari.

Katika wodi nzima mtu mmoja tu alikuwa ameliamini neno la Tayari, na mtu huyo ndiye aliyeitwa kwenye kikao.

"Sogea kidogo, Sista," alisema. "Naomba nitazame ndani."

*

Kila kivinjari, ile programu inayofungua kurasa za mtandao, kina chumba cha nyuma kinachoonyesha ukurasa umetengenezwa kwa mafaili gani na kila faili limetoka wapi. Tayari alikifungua kwenye kompyuta ya wodi, akaufungua ukurasa upya, na mistari ikashuka mmoja mmoja. Ukurasa wenyewe: umetoka kwenye seva, sasa hivi. Orodha ya wagonjwa: imetoka kwenye seva, sasa hivi. Faili la hesabu za dozi: na hapo, kwa maandishi ya kijivu yaliyopauka, kivinjari kilisema kimelitoa kwenye akiba yake.

Alilifungua faili lenyewe. Namba ya zamani ilikuwa palepale, imekaa starehe kama mpangaji asiyejua nyumba imeuzwa.

"Umeona nini?" Sista aliuliza. Alikuwa amesogeza miwani na kuinama karibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na udadisi kuliko hasira.

"Hesabu hazifanyiki kwetu," Tayari alisema. "Zinafanyika hapa hapa, ndani ya mashine yako. Sisi tunaituma karatasi ya maelekezo, kivinjari kinaifuata. Mimi Jumatatu nilibadilisha karatasi iliyoko kwetu. Lakini mashine hii ina nakala yake, iliiweka akiba zamani. Na haijaja kuuliza kama kuna mpya."

"Kwa nini isiulize? Ukurasa si umeufungua upya?"

"Ukurasa imeuulizia. Faili hili haikuliulizia, kwa sababu..." Alibonyeza mstari ule wa kijivu ili asome masharti yaliyokuja na faili. Yalikuwa mafupi: litunzwe siku mia tatu sitini na tano. "Kwa sababu imeambiwa linafaa mwaka mzima. Mpaka mwaka uishe, haina haja ya kuuliza."

"Na kwako mbona inatoa tano?"

Hilo ndilo swali. Tayari aliigeukia laptopu yake, akatazama chumba kile kile cha nyuma, na jibu likawa linamtazama. Juu kabisa palikuwa na kisanduku kidogo chenye alama ya vema: usitumie akiba. Alikuwa amekitia alama ile miaka mingapi sijui, kwa kuwa mwandishi wa programu hataki kuona mambo ya jana, na kile chumba hakukifunga hata siku moja alipokuwa kazini. Kwake yeye kila kitu kilikuwa kipya daima. Alikuwa mtu pekee katika mfumo mzima ambaye hangeweza kuiona hitilafu hii, na ndiye aliyeitwa kuithibitisha.

"Na mfamasia?" Sista aliendelea. Alikuwa hodari wa kuuliza, huyu mama. "Yeye hana hicho kisanduku."

Tayari hakujua. Aliingia kwenye daftari la seva, lile linaloandika kila ombi linaloingia na saa yake, akachuja yaliyotoka hospitalini toka Jumatatu. Ukurasa wa dawa ulikuwa umeombwa mara mia na kitu. Faili la hesabu, ukiacha laptopu yake asubuhi hii, lilikuwa limeombwa mara moja tu. Jumanne, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Jumanne saa tatu nani alikuwa anafanya nini?" aliuliza.

Twiga, ambaye alikuwa ameacha mashuka na kusimama nyuma yao na urefu wake wote, ndiye aliyejibu. "Si siku ile walipomletea mfamasia kompyuta mpya? Ya zamani ilikufa wikendi. Niliwasaidia kubeba boksi."

Kompyuta mpya haina akiba ya kitu chochote. Ilikuja mikono mitupu, ikaomba kila kitu, ikapewa faili jipya. Hospitali nzima, mashine moja tu ndiyo iliyokuja kuuliza, na ndiyo iliyotumika kumpima Sista.

"Kama tangazo," Sista alisema taratibu, akiutazama ukuta. "Umebandika jipya ofisini kwako, huku kwetu la zamani halijabanduliwa."

"Ndivyo."

"Na nani aliiambia hii mashine mwaka mzima?"

Tayari alikuwa akiliogopa swali hilo tangu aliposoma yale masharti. Alifungua mipangilio ya seva na kumbukumbu za nani alibadilisha nini na lini. Miezi tisa iliyopita mtandao wa hospitali ulikuwa wa konokono na wauguzi wakalalamika kwamba ukurasa unachelewa, hivyo mtu fulani akaiagiza seva iviambie vivinjari vyote vitunze mafaili mwaka mzima, ili vipakie haraka. Tangu siku hiyo faili la dozi halikuguswa mpaka Jumatatu, kwa hiyo hakuna aliyejua. Jina lililoandikwa pembeni ya mstari ule lilikuwa lake. Alikumbuka hata barua ya shukrani aliyoipata. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliifuma mwenyewe.

"Mimi," alisema.

Sista alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sare, akaivaa tena.

*

Ilikuwa saa tatu u nusu. Tayari alitoka kwenye korido kumpigia bosi wake, akaeleza yote kwa pumzi moja. Bosi alikuwa mwanamke mwenye akili kali, alielewa kabla hajamaliza.

"Sasa sikiliza," alisema. "Kuna namna ya kulazimisha ile mashine isahau akiba yake, si ndiyo? Vitufe vitatu."

"Ndiyo. Lakini hiyo ni kwa mashine ile moja tu."

"Na faili utalipa jina jipya, ili mashine nyingine zote zilione kama geni, zije zilichukue. Dakika kumi. Saa nne kikao kikianza mfumo uko sawa kila mahali. Unaondoka. Barua yako ilisema mfumo unakokotoa sahihi, na utakuwa unakokotoa sahihi."

"Na Sista?"

"Sista atajitetea. Wewe huna kesi. Hospitali hii ndiyo inayotuweka mjini, wewe unajua. Ukienda kuwaambia tulikuwa tunawapa dozi maradufu siku nne nzima huku tukiandika imerekebishwa, unadhani watatuchekea?"

Tayari alisimama pale koridoni, mgongo ukutani. Aliogopa, tusifiche. Alikuwa na mke, kodi, na jina ambalo pamoja na kejeli zake alilipenda. Na jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno. Vitufe vitatu, na ile kumi inapotea kabisa, haitaonekana tena na mtu yeyote, na mama mmoja atabaki akiapa kwamba aliiona. Kupitia kioo cha mlango alimwona Sista amembeba mtoto aliyekuwa akilia, anamzungusha wodini akimwonyesha dirisha, kisha mizani, kisha dirisha tena. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika ishirini na tano, naye alikuwa anambembeleza mtoto wa mtu.

"Bosi," alisema, "nitalipa faili jina jipya. Ila mbele yao."

Akakata simu kabla hajajibiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alirudi ndani akamwambia Twiga asiutumie ule ukurasa kwa dozi yoyote mpaka aambiwe, na ile kompyuta asiiguse hata kwa kitambaa. Twiga alisema dozi inayofuata ni ya saa sita. Basi, Tayari akasema, tuna nafasi.

*

Chumba cha kikao kilikuwa ofisi ya Matroni, viti vinne na kabati la majalada. Tayari alipoingia na Sista, mfamasia alikuwa ameshafika, mwanaume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Matroni alifungua jalada, akasoma sentensi mbili za Tayari kwa sauti, na zilipotoka kinywani mwa mtu mwingine Tayari alizisikia zilivyokuwa fupi.

"Unathibitisha?" Matroni aliuliza.

"Sithibitishi. Ya pili si kweli. Naomba tutembee mpaka wodini, nitawaonyesha."

Matroni hakupenda kutembezwa, lakini alisimama. Wakazunguka ile meza kati ya sinki na mizani, Sista akiwa amembeba tena yule mtoto. Tayari hakuketi. Alimwomba Matroni mwenyewe aandike uzito, ili pasiwe na neno la mkono wa mtu. Matroni akaandika kwa kidole kimoja. Kilo kumi. Mililita 10.

Mfamasia aliinama. "Rudia."

Matroni alirudia. Mililita 10. Akamtazama Sista, kisha akaitazama ile namba, kisha hakujua amtazame nani.

Tayari akaeleza, na safari hii hakuharakisha. Aliwaonyesha mstari wa kijivu. Aliwaonyesha lile ombi moja la Jumanne saa tatu na dakika kumi na mbili, na mfamasia akasema ndiyo, dakika zile zile alikuwa anawasha mashine mpya. Aliwaonyesha masharti ya mwaka mzima na jina lililo pembeni yake. Kisha, kwenye laptopu, alilipa faili jina jipya, akaurekebisha ukurasa uliite kwa jina hilo, akavipandisha vyote kwenye seva.

"Kutoka kwetu hatuwezi kuifikia akiba iliyoko huku," alisema. "Seva haimpigii mtu simu, inangoja iulizwe. Lakini ukurasa wenyewe kivinjari huuulizia kila mara, na sasa ukurasa utaitaja karatasi ambayo hakuna mashine inayo. Itabidi zije. Zamu inayoingia hufungua ukurasa upya, kwa hiyo wodi zote zitapata. Na ile amri ya mwaka mzima nitaiondoa leo kwa mafaili yasiyobadilishwa jina. Sista, tafadhali, bonyeza kile kishale."

Sista alimkabidhi Twiga mtoto, akabonyeza. Ukurasa ukapotea, ukarudi. Aliandika kumi.

Mililita 5.

Mtoto alipiga chafya.

"Hii barua yako," Matroni alisema hatimaye, "kabla ya kuiandika, ulimuuliza Sista anaona nini kwenye kioo chake?"

"Hapana."

"Na mimi sikumuuliza," Matroni alisema. Alivuta pumzi, akamgeukia Twiga, na Twiga kwa urefu wake wote akajikuta hana pa kujificha. "Na ninyi mliokuwa mnafuta, nanyi tutaongea."

Kikao kikavunjika pale pale, wamesimama. Matroni alimwambia Sista kwamba barua itatolewa kwenye jalada, na kwamba anaombwa radhi, na alilisema hilo la pili kwa taabu lakini alilisema. Mfamasia alimpa mkono. Sista alipokea yote kwa kutikisa kichwa, akamshukuru kila mmoja, akarudi kwa watoto wake.

Tayari alibaki mpaka saa sita. Alisema ni kwa ajili ya kuhakikisha, na kweli alizipigia simu zamu za wodi nyingine moja baada ya nyingine, na daftari la seva likajaa maombi ya faili jipya, mstari juu ya mstari, kama watu waliokuwa wamelala wakaamshwa. Alikuwa mwepesi moyoni. Bosi alikuwa amempigia mara tano, angejua la kufanya baadaye. Alikuwa ameharibu, na alikuwa ametengeneza, na mama wa watu hakuponzwa.

Saa sita ikafika. Sista alimpima mtoto wa kwanza kwenye mizani, akaja mezani, akaandika uzito. Kilo nane. Ukurasa ukasema mililita 4. Tayari, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alitabasamu.

Sista hakubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Alivuta droo, akatoa karatasi, akaanza kupiga hesabu kwa kalamu, polepole, tarakimu kubwa za mtu aliyesoma zamani. Alizidisha, akagawanya, akakagua tena kwa kurudi nyuma. Akapata nne. Aliandika nne, akaitia sahihi yake chini, na tarehe, na saa.

"Iko sawa sasa, Sista," Tayari alisema. "Nakuhakikishia."

"Najua, mwanangu," Sista alijibu, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Nimekuona kwa macho yangu ukiitengeneza." Akabonyeza kuhifadhi, akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa sare, akaenda kumleta mtoto wa pili.

Alipomaliza kumpima, alivuta tena droo.